Sukari ya robo robo, hesabu ndani ya simu

Muuza duka akifungua mfuko wa sukari wa kilo 50 na kuanza kupima robo robo, hapo ndipo hesabu huanza kumtoroka. Mfuko ulinunuliwa kwa jumla, unatoka kwa vipimo vidogo, na daftari linaandika fedha tu. Loyverse POS, programu ya simu ya kuuzia na kutunza hesabu ya bidhaa, inaweza kuziba pengo hilo.

Unapoingiza sukari, penye "Sold by" chagua "Weight/Volume", kisha weka bei ya kilo moja. Washa "Track stock", na penye "In stock" andika 50. Mteja akitaka robo, unaingiza 0.25, programu inapiga bei na kupunguza sukari papo hapo. Mtandao ukikatika unaendelea kuuza, na mauzo hupanda ukirudi. Ukijaza pia kiwango cha "Low stock", tuseme kilo 10, utajulishwa kwa barua pepe sukari ikikaribia kwisha.

Tuseme mfuko uliununua kwa shilingi 130,000, yaani 2,600 kwa kilo, nawe unauza kilo kwa 3,000. Jumamosi jioni simu inasema zimebaki kilo 14. Unaweka mfuko kwenye mizani: kilo 12. Kilo 36 zilizouzwa zilikupa faida ya shilingi 14,400, lakini kilo mbili zilizopotea ziligharimu 5,200. Zaidi ya theluthi ya faida hiyo imekwenda, na droo ya fedha isingekuonyesha.

Sasa tafuta zilikopita. Huenda mkono wako ni mzito na kila robo inazidi kidogo. Huenda mtu wa nyumbani alichota ya chai, au mteja alikopeshwa na mauzo hayakuingizwa. Pima vifurushi vichache ulivyokwisha kufunga: vikizidi gramu 250, tatizo ni kipimo. Vikiwa sawa, uliza nyumbani na upitie orodha ya madeni. Ukishajua, sahihisha namba iwe 12 ili wiki ijayo ianze na hesabu ya kweli.

Programu inajua kile tu unachobonyeza. Kwa hiyo anza na bidhaa tano au sita zinazotoka sana, sukari, mchele, unga na mafuta ya kupima, na uzipime kila wiki siku ileile. Kuuza na kufuatilia kiasi ni bure. Kuna nyongeza ya kulipia kila mwezi kwa mambo kama oda za manunuzi na kuhamisha bidhaa kati ya maduka. Duka moja dogo linaweza kuanza bila hiyo.

Kuipakua: fungua Play Store au App Store, tafuta "Loyverse POS", isakinishe, kisha ujisajili kwa barua pepe.