Kutoka Kuomba Mwongozo hadi Kuomba Uamuzi: Uchambuzi wa Barua Pepe ya Kupandisha Suala la Mradi Uliokwama, kwa Mfano wa Kata ya Levolosi, Arusha

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna barua pepe ya kupandisha suala kwa kiongozi wa juu inavyoweza kujengwa kwa Kiswahili pale mradi unapokwama. Hoja yake kuu ni kwamba mazoea ya uandishi wa barua za kiofisi nchini Tanzania, hususan matumizi ya kauli ya kutendwa na kutendeka pamoja na ombi la "mwongozo", humficha mtendaji, tarehe na uamuzi unaohitajika. Uchambuzi unatumia matini mbili zinazohusu tukio moja. Tukio hilo na takwimu zake vimetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi, ingawa mazingira yake ni ya kata halisi ya Levolosi katika Jiji la Arusha.

1.0 Usuli wa mfano

Jiji la Arusha limejengwa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Mvua kubwa inaponyesha, maji hushuka kwa kasi yakibeba mchanga na udongo wa asili ya volkano, kisha hupita katikati ya makazi kabla ya kufika mitoni. Kwa sababu hiyo, mfereji wa maji ya mvua usiokamilika kabla ya masika, yaani kipindi cha Machi hadi Mei, unaweza kuleta madhara kuliko kutokuwapo kwa mfereji. Maji hukusanywa na sehemu iliyojengwa, kisha humwagwa mahali pamoja pale ujenzi ulipoishia.

Katika mfano wetu, taasisi moja inajenga mfereji wa mita 640 katika mtaa wa Levolosi, na mkataba unamalizika tarehe 28 Februari. Mita 410 zimekamilika. Tarehe 6 Januari wachimbaji walikuta bomba la maji safi la milimita 150 likikatiza njia ya mfereji, mita 0.4 juu ya sakafu iliyosanifiwa. Mhandisi wa mradi hawezi kulihamisha kwa mamlaka yake, na meneja wa idara anaweza kuidhinisha mabadiliko ya kazi yasiyozidi shilingi 10,000,000 tu. Gharama ya kuhamisha bomba ni shilingi 18,400,000. Kwa hiyo uamuzi uko kwa mkurugenzi.

2.0 Matini ya kwanza: barua inayofuata mazoea

> YAH: CHANGAMOTO ZA UTEKELEZAJI WA MRADI WA MFEREJI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Napenda kukujulisha kuwa mradi tajwa umekumbwa na changamoto ya miundombinu iliyopo katika eneo la kazi, hali iliyosababisha kazi kusimama kwa muda. Mawasiliano na mamlaka husika yamefanyika na suala lipo katika mchakato. Hata hivyo, kumekuwa na ucheleweshwaji.
>
> Kwa barua hii, tunaomba mwongozo wako.
>
> Nawasilisha.

Barua hii haina kosa la sarufi wala la adabu. Tatizo linaonekana tunapotazama vitenzi vyake. Mradi "umekumbwa", mawasiliano "yamefanyika", suala "lipo", na ucheleweshwaji unaelezwa kwa "kumekuwa na", yenye kiambishi *ku-* kisichotaja mtu. Vitenzi pekee ambavyo mtu ndiye mtendaji wake ni "napenda kukujulisha", "tunaomba" na "nawasilisha". Kwa maneno mengine, binadamu anatenda katika vibwagizo vya heshima tu. Katika sehemu inayoeleza mradi hakuna aliyefanya jambo, siku aliyolifanya, wala aliyelifanyiwa.

Mnyambuliko wa kutendeka una kazi yake halali. Humwezesha mwandishi kueleza tukio bila kumnyooshea mwenzake kidole, na katika ofisi yenye ngazi hilo si jambo dogo. Lakini katika suala lililokwama, mtendaji aliyefichwa ndiye hasa kiongozi anayetaka kumjua, kwa sababu ndiye atakayempigia simu. Neno "mchakato" hufanya vivyo hivyo kwa upande wa muda. Halisemi kama suala litaisha kesho au mwaka wa fedha ujao, unaoanza tarehe 1 Julai.

Kasoro kubwa zaidi iko katika ombi. Anayeomba mwongozo hupewa mwongozo. Jibu la kawaida la barua kama hii ni "endeleeni kufuatilia na kunipa taarifa". Jibu hilo linalingana kabisa na swali lililoulizwa. Mkurugenzi hakuambiwa kuna fedha gani, kuna njia ngapi, wala kwamba yeye ndiye pekee mwenye mamlaka ya kuchagua.

3.0 Matini ya pili: barua inayoomba uamuzi

> Mada: Uamuzi unaombwa ifikapo 23 Januari: kuhamisha bomba, mfereji wa Levolosi
>
> Ndugu Mkurugenzi,
>
> Naomba uidhinishe shilingi 18,400,000 kutoka fungu la dharura la mkataba, ili bomba la maji linalozuia mfereji lihamishwe. Fungu hilo lina salio la shilingi 31,000,000.
>
> Hali ilivyo. Mkandarasi alisimamisha kazi tarehe 6 Januari baada ya kukuta bomba la milimita 150 ambalo halikuwamo katika michoro. Mita 410 kati ya 640 zimekamilika. Niliiandikia mamlaka ya maji tarehe 7, na tarehe 13 tulikutana nayo eneo la kazi. Imekubali bomba lihamishwe kwa siku 7, lakini haina fedha za kazi hiyo katika bajeti ya mwaka huu.
>
> Athari. Mkandarasi anadai shilingi 1,200,000 kwa kila siku ya kusimama. Kwa siku 14 hadi leo, dai ni shilingi 16,800,000, bado hatujalikubali. Mita 230 zilizobaki zinahitaji siku 23 za kazi. Ukiidhinisha tarehe 23 Januari, tutamaliza kabla ya tarehe 28 Februari tukiwa na akiba ya siku mbili au tatu. Baada ya hapo tutaingia masika mfereji ukiwa wazi.
>
> Njia zilizopo. (A) Tulipie uhamishaji sasa, na suala la nani abebe gharama lijadiliwe baadaye. (B) Tuinue sakafu ya mfereji kwa shilingi 6,500,000. Mteremko utapungua na mchanga utatuama. (C) Tusubiri bajeti ya Julai.
>
> Napendekeza A. Meneja wa Idara ameisoma barua hii na anaafiki. Kiasi kinazidi mamlaka yake.
>
> Kwa heshima,
> Mhandisi wa Mradi
>
> Nakala: Meneja wa Idara, Mhasibu wa Mradi

4.0 Uchambuzi

4.1 Mpangilio. Katika matini ya kwanza ombi liko mwishoni, kama ilivyo desturi ya barua rasmi inayoanza na utangulizi na kuishia na "nawasilisha". Katika matini ya pili ombi linatangulia. Sababu ni ya kivitendo. Kiongozi anayesoma kwenye simu akiwa kikaoni huona mada na mistari michache ya kwanza. Mistari hiyo ikiwa na kitenzi "uidhinishe", kiasi na tarehe, basi hata asipofika mwisho anajua anatakiwa kufanya nini na lini.

4.2 Ukweli uliotenganishwa na dai. Tofauti kati ya "mkandarasi anadai" na "tunadaiwa" ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kimtindo. Barua pepe ni kumbukumbu inayoweza kutolewa katika mgogoro wa kimkataba. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, kwa mfano, yanamtaka mkandarasi atoe notisi ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio linalosababisha dai hilo. Kama notisi ilitolewa ni swali litakaloamuliwa kwa taratibu zake. Mwandishi anayeandika "tunadaiwa" anaweza kusomwa kuwa amekwisha kulikubali dai. Nyongeza "bado hatujalikubali" inalinda nafasi ya taasisi bila kumficha mkurugenzi ukubwa wa hatari.

4.3 Athari iliyopimwa. Takwimu mbili zinazobeba uzito wa barua ni 18,400,000 na 16,800,000. Mwandishi hakusema kuwa hali ni mbaya. Aliziweka gharama ya kutatua na gharama inayodaiwa kwa kusubiri katika ukurasa mmoja. Msomaji anajikokotolea mwenyewe kwamba baada ya siku mbili tu, dai litafika shilingi 19,200,000 na kuipita gharama ya bomba. Hesabu hiyo ina nguvu kuliko neno "haraka", ambalo limezoeleka mno katika barua za kiofisi kiasi cha kupoteza maana.

4.4 Njia zinazoweza kuchaguliwa kweli. Njia B ni ya bei nafuu, na mwandishi hakuidharau. Alitaja kasoro yake ya kihandisi kwa sentensi moja: mteremko ukipungua, maji hupoteza kasi na mchanga unaotoka mlimani hukaa. Njia ambayo mwandishi haipendi ikiachwa nje, mkurugenzi ataiuliza mwenyewe na siku nyingine itapotea. Njia C nayo imetajwa kwa sababu ndiyo itakayotokea endapo hakuna atakayejibu. Kutoamua kumeandikwa kama uamuzi wenye matokeo yake.

4.5 Heshima na ngazi. Inaweza kudaiwa kwamba matini ya pili ni kavu kwa utamaduni wa ofisi za Kitanzania. Hata hivyo, heshima haikuondolewa; imehamishwa mahali pake. Imo katika "Ndugu Mkurugenzi", katika "naomba", na zaidi katika sentensi inayomtaja meneja wa idara. Sentensi hiyo inajibu swali ambalo kiongozi hujiuliza kabla ya yote: je, huyu amemruka mkubwa wake? Inaeleza pia kwa nini suala limepanda, kwamba ni kwa sababu ya kiwango cha mamlaka. Mamlaka ya maji nayo imetajwa kwa matendo na tarehe bila kivumishi cha lawama.

5.0 Kipimo na mipaka yake

Kutokana na uchambuzi huu, kipimo kimoja rahisi kinaweza kupendekezwa kwa watafiti wa mawasiliano ya kiofisi. Barua ya kupandisha suala imekamilika iwapo msomaji anaweza kuijibu kwa maneno mawili, mfano "A. Naidhinisha", na jibu hilo likatosha kuanzisha kazi. Matini ya kwanza haijibiki hivyo. Inahitaji angalau maswali manne ya ziada: nini kimezuia, tangu lini, inagharimu kiasi gani, na unataka nifanye nini?

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Kwanza, jibu la barua pepe halichukui nafasi ya idhini rasmi pale mkataba au kanuni za fedha zinapotaka hati ya mabadiliko ya kazi iliyosainiwa; katika hali hiyo jibu huanzisha tu utayarishaji wa hati, na muda wake uhesabiwe katika tarehe inayoombwa. Pili, kipimo kinafaa pale ambapo mwandishi anajua ni uamuzi gani unaotakiwa. Iwapo chanzo cha kukwama bado hakijulikani, kwa mfano bomba limeonekana lakini mwenyewe hajatambuliwa, kumletea kiongozi njia A na B ni kumtaka achague gizani. Hapo ndipo ombi la mwongozo linapokuwa na haki yake, mradi liseme ni kitu gani hakijajulikana, nani anakitafuta, na atatoa jibu tarehe ipi.