Makato yapo, michango haipo

Kwenye hati ya mshahara kuna mstari mmoja ambao wafanyakazi wengi huutazama kwa jicho la pembeni: NSSF, shilingi kadhaa, zimekatwa. Macho huenda moja kwa moja chini, kwenye kiasi kinachoingia benki. Mstari huo, hata hivyo, unathibitisha kwamba fedha zimetoka kwa mfanyakazi tu. Kama zimefika kwenye Mfuko ni jambo lingine, na huthibitishwa na karatasi nyingine kabisa, yaani taarifa ya michango inayotolewa na NSSF yenyewe.

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara kabla ya makato. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Sehemu inayobaki anaitoa mfukoni mwake. Anatakiwa kuwasilisha zote mbili kwa pamoja ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Michango ya Machi, kwa hiyo, haipaswi kuvuka mwisho wa Aprili. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, wenye sheria yake.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa hoteli jijini Arusha anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Anakatwa 60,000, mwajiri anapaswa kuongeza 60,000, na Mfuko upokee 120,000. Siku moja anachukua taarifa yake ya michango na kukuta pengo kuanzia Machi 2023 hadi Aprili 2024. Hiyo ni miezi 14, na katika yote hati zake zinaonyesha makato. Shilingi 840,000 zimetoka kwake. Pamoja na sehemu ya mwajiri, zinazodaiwa ni 1,680,000.

Kabla ya kuandika neno lolote, kuna jambo la kuhakikisha. Pengo kwenye taarifa halina maana moja. Huenda mwajiri hakulipa kabisa. Huenda alilipa lakini namba ya uanachama ilikosewa tarakimu, au jina lililotumwa halilingani na lililosajiliwa, au mwanachama ana namba mbili na michango imekwenda kwenye ile ya zamani. Njia nyepesi ya kutofautisha ni kuwauliza wenzake. Kama watu wa jikoni, mapokezi na ulinzi wote wana pengo la miezi ileile, mwajiri hajawasilisha. Kama ni yeye peke yake, tatizo huenda ni la kumbukumbu, na mwajiri anaweza kulimaliza kwa kutoa stakabadhi ya malipo na orodha ya wafanyakazi iliyoambatana nayo. Kosa la tatu hujificha zaidi: miezi yote ipo, lakini kiasi ni kidogo, kwa sababu mwajiri ametangaza mshahara wa 300,000 badala ya 600,000. Hilo huonekana tu kwa anayelinganisha kiasi cha kila mwezi na hati yake.

Mhudumu wetu anagundua kwamba wenzake nao hawana miezi hiyo. Sasa anaandika. Kumweleza meneja kwa mdomo si vibaya, lakini mazungumzo hayaachi ushahidi. Barua yake ina heshima na haina tuhuma, na nguvu yake yote iko kwenye tarehe na hesabu:

"Mheshimiwa Meneja, mimi ni mwanachama wa NSSF mwenye namba iliyotajwa hapo juu. Hati zangu za mshahara zinaonyesha kwamba nimekatwa sh. 60,000 kila mwezi kuanzia Machi 2023 hadi Aprili 2024. Taarifa yangu ya michango, niliyoiambatisha, haina miezi hiyo. Naomba ofisi iwasilishe NSSF michango ya miezi yote 14, yangu na ya mwajiri, jumla sh. 1,680,000, na kunijulisha kwa maandishi tarehe ya malipo pamoja na kunipa nakala ya stakabadhi."

Anachapa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi naye nyumbani. Kama hotelini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, CHODAWU kwa mfano, barua inayopitia kwa viongozi wa tawi, au inayosainiwa na wengi, humwondolea mtu mmoja mzigo wa kuonekana msumbufu.

Majibu huja kwa sura zinazojulikana. La kwanza ni kwamba wageni wamepungua na biashara ni ngumu. Huenda ni kweli, lakini zile 60,000 hazikuwa fedha za biashara. Zilikuwa mshahara wa mtu, zimekatwa kwa kazi maalumu. Mwajiri aliyekwama anaweza kwenda NSSF kuomba utaratibu wa kulipa deni kwa awamu. Kumnyamazia mfanyakazi si utaratibu.

Jibu la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa linafanana na wema: "Njoo uhasibu, tukurudishie makato yako taslimu." Shilingi 840,000 kwa mkupuo si kidogo. Lakini akizipokea hivyo, sehemu ya mwajiri, 840,000 nyingine, inabaki kwa mwajiri. Zaidi ya hapo, miezi 14 inatoweka kwenye kumbukumbu zake, na pensheni huhesabiwa kwa miezi.

Kanuni ya sasa hutoa sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara wa mwaka kwa kila mwezi uliochangiwa. Kwa mtu mwenye wastani wa 7,200,000 kwa mwaka, kila mwezi mmoja una thamani ya takriban shilingi 12,400 za pensheni kila mwaka. Miezi 14 ni karibu 174,000 kwa mwaka, maisha yake yote ya uzeeni, kabla ya kugawanywa kati ya malipo ya mkupuo na pensheni ya mwezi. Tena, pensheni ya uzee inahitaji angalau miezi 180 ya michango. Mwenye miezi 170 hafiki, na miezi 14 iliyopotea ndiyo ingemvusha.

Barua ikikosa jibu, hatua inayofuata ni ofisi ya NSSF ya eneo ambako mwajiri amesajiliwa. Huko wapo maafisa matekelezo, ambao kazi yao ni kufuatilia michango. Mfanyakazi anapeleka hati za mshahara, mkataba, taarifa ya michango na barua yenye muhuri, na anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vya mishahara, kudai deni pamoja na tozo ya ucheleweshaji, na kumfikisha mwajiri mahakamani. Deni ni la Mfuko kulidai; ndiyo maana ofisi hiyo ni mlango wa maana kuliko malumbano ya miezi na mhasibu.

Hofu ya kufukuzwa ipo na ina msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikubali kudai haki ya kisheria kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Akifukuzwa, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hivyo asikae akisubiri hasira za bosi zipoe.

Mwajiri akilipa, kazi bado haijaisha. Mhudumu anachukua taarifa mpya na kuipitia mwezi kwa mwezi: Machi 2023 ipo, Aprili ipo, kila mmoja una 120,000. Malipo ya deni yanaweza kuingizwa kwenye miezi isiyo yake, au orodha ikaruka jina. Akikuta kosa, anarudi na stakabadhi ileile aliyoiomba kwenye barua.