Kabla ya Kulipia Kontena: Kusoma Vyeti vya Maziwa ya Unga

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha mtindi mjini Morogoro. Kiangazi maziwa ya wafugaji hupungua, kwa hiyo mwenye kiwanda ameagiza tani 10 za maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yaani mifuko 400 ya kilo 25. Muuzaji yuko Dubai, na unga umetengenezwa India. Asilimia 30 ya bei imekwisha kutangulizwa. Sasa imeingia barua pepe yenye viambatisho viwili. Cha kwanza ni cheti cha uchambuzi, ambacho wafanyabiashara hukiita COA. Cha pili ni cheti cha mfumo wa usalama wa chakula cha FSSC 22000. Muuzaji anasema nyaraka zimekamilika na anaomba asilimia 70 iliyobaki.

Wanunuzi wengi hapo hutazama muhuri, hupitisha jicho kwenye safu ya matokeo na kulipa. Ni kosa, kwa sababu vyeti hivi viwili vinasema mambo tofauti kabisa. Cheti cha uchambuzi kinazungumzia bechi moja ya unga. Cheti cha FSSC 22000 kinazungumzia kiwanda na kazi inayofanyika ndani yake. Hakuna hata kimoja kinachoizungumzia mifuko yako mpaka wewe mwenyewe uunganishe.

Anza na namba ya bechi, matokeo baadaye. Tani 10 zinaweza kutoka katika bechi mbili au tatu, na kila bechi inahitaji cheti chake. Mwombe muuzaji orodha ya upakiaji pamoja na picha za mifuko, ikionekana namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na jina la kiwanda. Picha zipigwe kabla kontena halijafungwa. Ikiwa cheti kina bechi moja na mifuko ina bechi tatu, basi theluthi mbili ya mzigo inaweza kuwa haijapimwa kwa niaba yako hata kidogo.

Kisha uliza nani alichota sampuli. Maabara ya kiwanda chenyewe si jambo baya. Ndiyo inayoufahamu unga ule kila siku. Lakini hata cheti cha maabara huru kinahitaji kusomwa mpaka mstari wa mwisho, kwa maana kule chini, kwa herufi ndogo, mara nyingi huandikwa kwamba matokeo yanahusu sampuli iliyopokelewa tu na kwamba sampuli ililetwa na mteja. Maana yake maabara haijui ule unga ulitoka mfuko gani, wala haidai kujua. Imepima kwa uaminifu kile ilichopewa. Kama mzigo ni mkubwa kiasi cha kukutia hofu, lipia kampuni ya ukaguzi ichote sampuli yenyewe wakati wa kupakia, iifunge kwa lakiri na kuipeleka maabara.

Tarehe nazo husema mengi. Kipimo cha jumla ya bakteria hai kwa njia ya kawaida ya kimataifa huhitaji kuotesha sampuli kwenye nyuzijoto 30 kwa saa 72. Salmonela kwa njia ya kuotesha huchukua siku kadhaa. Sasa ukiona unga umetengenezwa tarehe 3 na cheti kimetolewa tarehe 4, kikiwa na matokeo ya bakteria yaliyokamilika, kuna swali la kuuliza. Zipo njia za haraka za kutambua salmonela kwa vinasaba, na huenda ndizo zilizotumika, lakini lazima cheti kitaje njia. Safu ya njia ya upimaji ikiwa tupu, usikubali. Vilevile vyeti vya bechi tatu vikifanana mpaka desimali ya mwisho kwa unyevu, mafuta na protini, jua kwamba mtu amenakili. Maziwa halisi hayatoi tarakimu zilezile kila siku.

Tuje kwenye protini, mahali ambapo wanunuzi wetu hukosea kwa pande mbili. Kiwango cha Codex cha maziwa ya unga, namba 207 cha mwaka 1999, kinataka unga ulioondolewa mafuta uwe na unyevu usiozidi asilimia 5, mafuta yasiyozidi asilimia 1.5, na protini isiyopungua asilimia 34. Lakini hiyo 34 haihesabiwi kwa unga mzima. Huhesabiwa kwa yabisi ya maziwa, ukishatoa maji na mafuta. Tuseme cheti chetu kinasema unyevu 3.8, mafuta 0.8 na protini 33.0. Mtu asiyejua atasema mzigo haufai. Toa 3.8 na 0.8 katika 100, unabaki na 95.4. Gawanya 33.0 kwa 95.4, unapata asilimia 34.6. Unga huu umefaulu. Kwa hiyo uliza daima asilimia iliyoandikwa ni ya kitu gani, kwa sababu muuzaji mwingine ataandika 34.6 ile ile na wewe udhani unga wake una protini nyingi zaidi.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Njia ya Kjeldahl, iliyoanza kutumika mwaka 1883, haipimi protini. Inapima nitrojeni, kisha nitrojeni inazidishwa kwa 6.38 ili kukadiria protini ya maziwa. Chochote chenye nitrojeni kitahesabiwa. Huko China mwaka 2008 maziwa yaliyotiwa maji yaliongezwa melamini, kemikali ya plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kipimo cha protini kikapendeza. Watoto wachanga takriban 300,000 waliugua na sita walikufa. Maabara haikuhitaji kudanganya, kwa kuwa hakuna aliyeiambia itafute melamini. Baada ya hapo, mwaka 2010, Codex iliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo katika unga wa maziwa ya watoto wachanga, na miligramu 2.5 kwa kilo katika vyakula vingine. Cheti hujibu maswali yaliyoulizwa tu. Mistari unayoitaka, melamini ikiwamo, iandike kwenye mkataba wa ununuzi kabla ya kutoa senti.

Sasa salmonela. Cheti kinasema haikuonekana katika gramu 25. Uliza ni gramu 25 mara ngapi. Kanuni za Ulaya kwa maziwa ya unga zinataka sampuli tano za gramu 25, zote ziwe safi. Hata hivyo hesabu yake ni ya kutafakari. Chukulia kwamba katika kila vipimo 100 vya gramu 25 vilivyomo kwenye bechi, kimoja kina salmonela. Ukichota vitano, uwezekano wa kuigundua ni karibu asilimia 5 tu. Hata ukichota 60, hujafika nusu. Ni asilimia 45 hivi.

Atakayejitetea kwamba mtindi huchemshwa ana hoja kwa salmonela, mradi unga uchanganywe kabla ya kupasteurisha. Anayetengeneza uji wa unga wa lishe au unga wa aiskrimu wa kuchanganya na maji baridi hana ulinzi huo. Na kuna sumu ambazo moto hauziondoi. Japani mwaka 2000, zaidi ya watu 13,000 waliugua kwa maziwa ya kampuni ya Snow Brand. Chanzo kilifuatiliwa hadi maziwa ya unga ya kiwanda chake cha Taiki, Hokkaido, ambako umeme ulikatika na maziwa yakakaa na joto. Bakteria wa stafilokoka wakazaliana na kuacha sumu. Joto la utengenezaji liliwaua bakteria, sumu ikabaki. Cheti kinachohesabu bakteria hai tu kisingeonyesha chochote.

Ndiyo maana cheti cha pili kina thamani. Kile ambacho sampuli tano haziwezi kukiona hulindwa na nidhamu ya kiwanda: nini hufanyika umeme ukikatika, nani huamua maziwa yamwagwe, sehemu kavu hutenganishwaje na sehemu yenye maji. Hayo ndiyo wakaguzi wa FSSC 22000 huyatazama. Lakini wanayatazama kwa kazi zilizoandikwa kwenye wigo wa cheti tu, na wigo ni sentensi moja ambayo wengi huiruka.

Katika mfano wetu, cheti kina jina la kampuni ya Dubai, na wigo wake unasomeka hivi: ununuzi, uhifadhi na uuzaji wa malighafi za vyakula. Ni cheti halali. Kinathibitisha ghala na ofisi. Juu ya ukaushaji wa maziwa hakisemi neno. Mnunuzi anaomba cha kiwanda cha India, nacho kinakuja: upokeaji wa maziwa mabichi, utengenezaji wa siagi na samli. Kiwanda ndicho, anwani ndiyo, lakini mtambo wa kukausha haumo. Anachopaswa kukiona ni maneno ya namna hii: upokeaji na upasteurishaji wa maziwa mabichi, ukaushaji kwa kunyunyiza, na ufungashaji wa maziwa ya unga katika mifuko ya kilo 25. Soma vitenzi kwanza, kisha bidhaa, kisha anwani, na anwani hiyo ilingane na iliyochapwa kwenye mfuko. Makao makuu ya kampuni si kiwanda.

Ukikuta kazi ya ufungashaji upya kwenye wigo wa muuzaji, ongeza tahadhari. Huenda unga ulifunguliwa, ukahamishiwa mifuko mingine na kupewa namba mpya ya bechi. Hapo cheti cha uchambuzi cha kiwanda hakiufuati tena mfuko wako, mpaka muuzaji akuonyeshe kumbukumbu zinazounganisha namba ya zamani na mpya, na vipimo vya bakteria vilivyofanywa baada ya kufungasha upya.

Cheti cha FSSC 22000 hudumu miaka mitatu, na kinaweza kusimamishwa kabla ya muda kwisha, kwa hiyo tarehe iliyochapwa haitoshi. Tovuti ya FSSC ina orodha ya wazi. Tafuta jina la kiwanda, linganisha wigo neno kwa neno. Na usikubali cheti cha ISO 9001 kama mbadala. Hicho kinahusu usimamizi wa ubora kwa jumla, na hata kampuni ya samani inaweza kuwa nacho.

Mnunuzi wetu wa Morogoro asilipe bado. Anadai cheti cha uchambuzi kwa kila bechi, chenye njia za upimaji na mstari wa melamini, na cheti cha kiwanda chenye ukaushaji kwenye wigo. Atazame jambo moja zaidi kwenye karatasi anazotumiwa: masharti ya FSSC 22000 hayaruhusu nembo yake iwekwe kwenye bidhaa, kwenye mfuko, wala kwenye cheti cha uchambuzi. Nawe ukiiona hapo, mtake muuzaji maelezo kwa maandishi kabla ya kumtumia salio.