Siagi Iingie Motoni Ikiwa Bado Baridi

Jumamosi moja ya Januari, saa nane mchana, nilikanda skonzi jikoni kwangu Dar es Salaam. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 31. Donge lilikuwa moja, nikakata skonzi nane. Nne nilizitia ovenini papo hapo, na nne nikazifunika na kuzilaza kwenye friza kwa nusu saa. Za kwanza zilitoka zimetandazika, chini zimekaangika kwa siagi iliyovujia kwenye trei. Za pili zilipanda karibu mara mbili ya kimo nilichokata, na ubavuni zilipasuka matabaka kama chapati ya kusukuma iliyopigwapigwa ikachanua. Unga, siagi na moto wa oveni havikubadilika. Kilichobadilika ni ile nusu saa ya baridi.

Skonzi ninazozungumzia si zile za dukani, laini na tamu, zinazoumuliwa kwa hamira. Hizi ni za mtindo wa Uingereza, zinazoinuliwa kwa beking poda na siagi bila kusubiri unga uumuke. Wamarekani wana ndugu yake wanayoiita biskuti, ingawa haifanani hata kidogo na biskuti kavu za pakiti. Kanuni ya zote mbili ni moja.

Kwanza tukubaliane kuhusu siagi, maana kwetu jina hilo hupewa pia majarini ya kopo. Majarini ya kupaka mkate imetengenezwa iwe laini hata ikitoka kwenye friji, na kwa kazi hii ulaini huo ni hasara. Siagi ya maziwa ina mafuta takribani asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ikiwa kwenye friji huwa ngumu kama sabuni ya mche. Ikifika nyuzi 20 hivi hulegea, na ikifika kati ya 32 na 35 huwa imeyeyuka. Sasa kumbuka jiko langu lilikuwa na nyuzi 31, na viganja vya mikono vina joto la kutosha kumalizia kazi.

Kinachotakiwa ni vipande vidogo vya siagi, ukubwa wa choroko, vilivyotawanyika ndani ya unga bila kuyeyuka. Skonzi ikikutana na moto mkali, kipande huyeyuka na kuacha upenyo mahali kilipokuwa. Maji yake hugeuka mvuke, mvuke hutafuta pa kutokea na kuusukuma unga juu. Wakati huohuo beking poda nayo inatoa gesi. Kisha, joto la ndani likipita nyuzi 60 na kuendelea kupanda, unga huanza kukaza, na ule upenyo hubaki pale pale. Hayo ndiyo matabaka. Siagi ikiyeyuka mapema, ukiwa bado unakanda, unga huinywa yote, kwa hiyo hakuna kipande cha kuacha upenyo, na donge lililolegea hutandaa kabla halijapata nafasi ya kukaza.

Kwa skonzi nane natumia unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 100, vijiko vitatu vya chai vya beking poda, vijiko viwili vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi na maziwa baridi mililita 150. Siagi naigandisha kwenye friza kwa saa moja, kisha naikwaruza juu ya unga kwa kikwaruzio cha karoti. Njia hii inafaa zaidi pwani kuliko kuifikicha kwa vidole, kwa sababu mkono hauigusi. Bakuli na unga wenyewe nao huviweka kwenye friji.

Maziwa yamwagwe kwa mkupuo mmoja, yachanganywe kwa kisu mpaka unga ushikane tu. Donge litaonekana bovubovu, lenye madoa ya siagi, na aliyezoea kukanda chapati atatamani kuliendeleza hadi liwe nyororo. Ajizuie. Kukanda sana hukaza ule mnato wa ngano, na skonzi hutoka ngumu ya kuvutika. Ninalikandamiza kwa viganja, nalikunja katikati, nalikandamiza tena, mara tatu nne tu, kisha naliacha na unene wa sentimeta mbili na nusu.

Kata kwa ukingo mkali uliopakwa unga, ukishuka moja kwa moja na kuinua, bila kuzungusha. Ukizungusha unaziba ubavu, na skonzi itapanda upande mmoja ikae kama mnara unaoegama. Yai la kupaka juu likichuruzika ubavuni hufanya kosa hilohilo. Kisha zipange zikikaribiana, ziingie friza nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo ya kuwashia oveni. Inatakiwa nyuzi 220, na taa ya oveni kuzimika si ushahidi kwamba kuta zake zimepata moto. Nipe dakika 20 au zaidi. Namba za kwenye swichi nazo mara nyingi hudanganya. Kama huna kipimajoto cha oveni, sukari itakusaidia kidogo: huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja cha sukari nyeupe kwenye karatasi ya foili, washa oveni kwa nyuzi 200, ikishapata moto ingiza, usubiri robo saa. Kama bado ni chenga kavu, oveni yako ina joto pungufu kuliko inavyosema, nawe uongeze. Moto mdogo ni mbaya kwa skonzi kuliko kwa keki, maana siagi huyeyuka taratibu na kuvuja huku unga haujakaza. Dimbwi la mafuta kwenye trei litakwambia hivyo.

Wanaooka kwa mkaa, wakipalia juu ya mfuniko, waweke makaa mengi zaidi juu kuliko chini, la sivyo kitako kitaungua ilhali katikati ni mbichi.

Mlango usifunguliwe dakika kumi za mwanzo. Zikifika 14 anza kuangalia, lakini rangi ya juu pekee isikudanganye, kwa sababu yai hupata wekundu mapema. Mimi huangalia ubavu. Pale ilipopasuka pakiwa bado panang'aa kwa unyevu, iache. Panapotakiwa pawe peupe lakini pakavu, na ukibonyeza kwa kidole parudi. Halafu naigeuza moja: kitako kiwe cha rangi ya asali iliyokolea, na ukikigonga kitoe mlio wa uwazi. Iwe nyepesi pia kuliko ulivyotarajia, kwani maji yametoka. Ukibaki na shaka, pasua moja kwa mikono. Ikifunguka kwa tabaka na katikati hakuna mstari wa unga mbichi wenye rangi ya kijivu, zimeiva. Mstari ukiwepo, zirudishe dakika tatu.

Zikitoka, ziache juu ya waya dakika tano kabla ya kuzipasua, kwa kuwa mvuke wa ndani unaendelea kuivisha, na ukizifunika kitambaa zingali za moto, ngozi ya juu hulainika. Kama skonzi nane ni nyingi kwa siku moja, zilizokatwa zigandishe mbichi kabisa, uzitie kwenye mfuko. Asubuhi zinatoka friza kwenda ovenini moja kwa moja, bila kuyeyushwa, kwa dakika tatu au nne za ziada.