Baridi ya mwezi wa saba: jua halikutukimbia

Asubuhi za mwezi wa saba, pale watu wa kazi wanangojea kushuka mu shimo, tunasikia wengi wakisema: «Baridi hii ni juu jua limeenda mbali.» Na kweli, mwanzo wa mwezi wa saba dunia iko mbali na jua kupita siku zote za mwaka: kilometre milioni 152. Mwanzo wa mwezi wa kwanza ni milioni 147.

Lakini tuangalie Ubelgiji. Mu mwezi wa saba watu wa kule wanavaa mashati mepesi, na mu mwezi wa kwanza, pale jua liko karibu zaidi, wanawasha moto ndani ya nyumba. Jua ni moja tu. Kama umbali njo ulileta baridi, ungeileta Lubumbashi na Bruseli siku moja.

Sababu ni hii: dunia inajizungusha juu ya ekseni, kama gurudumu, na ekseni ile haisimami wima. Imelala kidogo, degre 23 na nusu, na mwaka mzima inaelekea upande uleule. Njo maana mu mwezi wa sita kaskazini ya dunia inainamia jua, na sisi wa kusini tunaegama nyuma. Mu mwezi wa kumi na mbili ni kinyume.

Kuegama kunafanya nini? Chukua taa yako ya kofia, uimulike ukuta moja kwa moja: unaona duara ndogo yenye kungaa. Sasa imulike kwa upande: nuru inakuwa ndefu na hafifu. Taa ni ileile, lakini nuru yake imegawanyika fasi kubwa. Vile vile jua la kipwa linatupiga kwa upande, na mchana unakuwa mfupi. Bruseli mchana wa mwezi wa sita unafika saa 16 na nusu. Wa mwezi wa kumi na mbili ni karibu saa 8 tu.

Mtu asiyesadiki apime mu lupango lwake. Simamisha fimbo ya metre moja, uinyooshe kwa uzi wenye jiwe, maana ikiinama kipimo kinaharibika. Ngojea saa sita ya mchana, pale kivuli ni kifupi zaidi. Pale Lubumbashi, mwisho wa mwezi wa sita, kivuli kina santimetre 70, kinaelekea kusini. Mwisho wa mwezi wa kumi kinapotea kabisa: jua liko juu ya kichwa. Mu mwezi wa kumi na mbili kinarudi, santimetre 20 hivi, lakini kinaelekea kaskazini.

Tena, mwezi wa kumi njo wa joto kali kwetu, si wa kumi na mbili, kwa sababu wakati ule mawingu ya masika yamekwisha kufunika jua.