Arobaini za Mtani

Jumamosi rafiki yangu anatimiza miaka 40, na grupu letu la WhatsApp limenipa kazi ya kuandika ujumbe wa kumchana. Sikupewa kwa ufundi wa kalamu. Mimi ni Mnyamwezi na yeye ni Mzaramo, yaani watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe za ndovu kutoka bara wakikatiza Uzaramo kwenda pwani. Mtani hukutania hata msibani. Hujilaza kaburini akidai hela ndipo maiti ishushwe, na wafiwa hujikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Ila mtani huyohuyo ndiye aliyeshinda na jembe akichimba kaburi lile. Ruhusa ya kukucheka ameilipia jasho.

Hilo nililisahau nilipoandika rasimu ya kwanza. Niliweka upara, nikaweka kwamba hajaoa, nikamalizia na kiwanja chake cha Chanika ambacho mwaka wa sita sasa kinaota nyasi. Mke wangu akasoma, hakucheka. "Baba, hapa umemtania au umemsimanga?"

Nikairudia. Upara ungeweza kubaki, maana yeye mwenyewe huutania kila akipita kinyozi. Lakini habari ya ndoa huulizwa na mama zake wakubwa kila Idi, na nimewahi kumwona akitoka nje baada ya swali hilo. Kiwanja nacho ni vilevile. Hayo si mambo ya umri, ni mambo aliyoyakosa, na umri nimeyavalisha tu kama kanzu. Utani wa umri unagusa yanayowapata wote wa rika lake, hivyo anayechanwa hachekwi peke yake. Nusu ya grupu inajiona humo.

Macho, kwa mfano. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo utotoni ni laini, hujibinua upesi mtu akitazama kitu cha karibu. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na watu wengi huanza kuligundua hilo wanapoingia miaka ya arobaini: maandishi madogo yanafifia, mkono unaanza kuisogeza simu mbali. Wala haimpati mzembe tu. Humpata profesa na kondakta sawasawa, ndiyo maana inachekesha bila kuacha kidonda.

Neno lenyewe la arobaini nalo ni mtego. Lina ya mzazi na mtoto mchanga, lina ya mwizi, lina na ya msiba. Kwa mtu aliyefiwa karibuni ningekaa mbali nalo kabisa. Rafiki yangu hana msiba, basi nikamchukua mwizi. Rasimu ya pili ikatoka hivi:

"Mtani, siku za mwizi ni arobaini, na zako zimetimia. Ulichoiba ni ujana, na umeutumia wote hadi ukabaki huo wa kujisingizia. Tumekuona ukisoma meseji huku simu umeishika mbali kama itakung'ata. Unasema macho ni mazima. Sawa, basi mkono ndio umekuwa mfupi. Maandishi umeyakuza hadi abiria wa nyuma kwenye daladala anakusaidia kujibu. Umewaeleza vijana wa ofisini tulivyokuwa tukirudisha kanda ya kaseti kwa kalamu ya biki ili tusimalize betri za redio, wakakuuliza kama Mjerumani alikuwa hajaondoka. Nayasema haya mimi niliyekutangulia kwa miezi saba, ambaye gari lilimzimikia Kibaha saa nane usiku, ukaja wewe, kandambili miguuni, hata 'kwa nini' hukuuliza. Jumamosi njoo uchukue miwani yako. Kama umesoma hadi hapa bila kunyoosha mkono, nitakuomba radhi mbele ya shemeji zako."

Ile miezi saba niliiweka makusudi. Mtani lazima aachiwe jiwe la kurudishia, la sivyo anabaki amesimama katikati ya watu anapigwa tu. Na Kibaha haikuwa sukari ya mwishoni. Ni jambo lililotokea kweli, lenye saa na kandambili zake, ambalo "rafiki mwema uliyejaliwa moyo wa dhahabu" lisingelisema hata likirudiwa mara kumi.

Mke wangu safari hii alicheka penye daladala, akanyamaza penye kandambili. Nikaona inatosha.

Jana nikaenda Kariakoo kutafuta hiyo miwani, ya kuchekea tu, kwani ya kusomea kweli atapimwa. Muuzaji akanipa kijikaratasi chenye maandishi madogo nijaribu nayo. Nikavaa ile ya +1.25, herufi zikasimama kama zimepigwa pasi. Nikavua, zikalala. Nikavaa tena.

"Nikufungie ngapi, mzee?" akauliza.

Nikamwambia mbili.