Hofu ya saratani ya koo: Kwa nini majibu mazuri hayamtulizi mtu

Meza mate mara tano mfululizo, upesi upesi, bila kunywa chochote. Ya kwanza na ya pili zitapita bila shida. Ikifika ya nne au ya tano, koo linakaza na unahisi kana kwamba kuna kitu kimekwama. Hakuna ugonjwa hapo. Mate yamekwisha na misuli ya koo haijapata nafasi ya kulegea.

Jambo hili dogo linaeleza tatizo ambalo wahudumu wa afya hukutana nalo mara kwa mara. Saratani ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo, ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi nchini Kenya, kwa hivyo kuiogopa si ujinga. Lakini kuna mtu ambaye hofu hiyo humshika isimwachie, hata baada ya kupimwa.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa miaka 36 ambaye jirani yake amefariki kwa ugonjwa huo. Wiki moja baada ya mazishi anahisi kitu kooni. Anameza mate kuhakikisha. Anahisi tena, anameza tena. Baada ya mwezi anafanya hivyo mara arobaini kwa siku, anaminya shingo kutafuta uvimbe, na anamulika koo kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Shingo inayominywa kutwa huuma, na tezi ndogo za kawaida zilizo chini ya taya zinaanza kuuma zikiguswa. Sasa ana dalili mbili, na zote mbili amejitengenezea kwa vidole vyake.

Anakwenda hospitali, anaingizwa kamera hadi tumboni, na majibu ni mazuri. Anatulia siku nne. Siku ya tano anajiuliza: je, kama daktari aliruka sehemu? Anakwenda kituo cha pili, kisha cha tatu. Kila usiku anamuuliza mkewe kama amekonda.

Kosa si la kipimo. Kila mara anapojikagua au kuambiwa "huna kitu", hofu hushuka kwa muda, na akili hujifunza kwamba imeshuka kwa sababu amekagua. Haipati nafasi ya kuona kwamba ingeshuka yenyewe. Ndiyo maana kumwambia "wacha kuwaza" hakusaidii, na kumpeleka kupimwa mara ya nne kunaongeza tatizo. Hofu ya namna hii ikidumu miezi sita au zaidi, huhesabiwa kuwa ugonjwa wa wasiwasi unaotibika.

Tiba huanza kwa kuchagua mhudumu mmoja, daktari au afisa wa kliniki, anayemwona kwa tarehe zilizopangwa, tuseme kila wiki nne, awe na dalili au asiwe nazo. Wiki ya kwanza fundi wetu anahesabu tu: ameminya shingo mara ngapi, amemeza mara ngapi, ameuliza mara ngapi. Kisha anaahirisha. Hamu ya kukagua ikija, anangoja dakika kumi, baadaye thelathini. Hofu itapanda na atahisi vibaya sana, lakini asipoilisha itashuka. Mkewe naye wanakubaliana mapema jibu moja: "Najua unaogopa, lakini tulisema hilo sitalijibu." Si ukatili, ingawa usiku wa kwanza utaonekana hivyo.

Mahali wengi wanapoteleza ni kwenye ukaguzi wa kujificha. Ameacha kuminya shingo, lakini anajipima kilo kila asubuhi, au anasoma dalili kwenye simu hadi usiku wa manane. Haulizi tena kama anaumwa, anauliza, "Suruali hii si imenilegea?" Hayo yote huhesabiwa. Hofu ikizidi kiasi cha kumzuia kufanya kazi, daktari anaweza kuongeza dawa ya wasiwasi, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu.

Je, utajuaje kwamba si saratani? Mwenye wasiwasi huhisi kitu anapomeza mate, lakini ugali na nyama vinapita vizuri. Saratani ya umio kwa kawaida huanza kwa chakula kigumu kukwama, kisha chakula laini, hata uji na maji, na mtu hukonda. Ukiona chakula kinakwama, unatapika damu, au una uvimbe mgumu shingoni ambao haupungui kwa wiki kadhaa, nenda hospitali mara moja, hata kama umewahi kuambiwa ni wasiwasi. Mwenye hofu ya ugonjwa pia huugua, na dalili mpya hustahili kuchunguzwa mara moja, vizuri.

Aliyekwisha kuchunguzwa lakini bado hawezi kuacha kujikagua amwambie mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu, aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Aende na barua za vipimo vyote alivyofanyiwa, ili visirudiwe.